Rasta au nywele za binadamu: namna ya kuzipima kabla hazijafika kichwani

Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukiwa umeshika kasi na vumbi likiingia hadi ndani ya saluni, alinijia dada mmoja anayefanya kazi kwenye ofisi za Mtumba akiwa amebeba mfuko wenye pisi sita za rasta nyeusi na kifungu kimoja cha nywele za binadamu zenye mawimbi, cha gramu 100. Alitaka kusukwa notilesi za kufika kiunoni, na katikati yake ziachwe nywele za mawimbi zikining'inia. Alikuwa na sharti moja: mara ya mwisho aliposukwa alijikuna siku nne mfululizo, na siku ya tano alifumua mwenyewe usiku wa manane. Alikuwa ameshaamua kwamba tatizo ni rasta, na kwamba nywele za binadamu, kwa kuwa zimetoka kwa binadamu, haziwezi kumdhuru.

Sikumsuka siku hiyo. Nilimwomba aniachie mfuko, kisha tukafanya hatua ninazozieleza hapa. Zinachukua siku chache, lakini nyingi ni siku za kusubiri nyuzi zikauke na ngozi itoe jibu, si siku za kazi.

Kwanza: jua kilichomo mkononi mwako

Maandishi ya kwenye pakiti si ushahidi wa kutosha. Nimewahi kununua kifungu kilichoandikwa kuwa ni nywele za binadamu tupu, nikakuta karibu nusu yake ni plastiki. Kipimo cha kwanza ni vidole. Chukua nyuzi chache, zishike kwa mkono mmoja upande wa mzizi, halafu upitishe vidole viwili vya mkono mwingine kuelekea nchani, kisha urudi kinyume, kutoka nchani kwenda mzizini. Unywele wa binadamu umefunikwa na magamba madogo sana yaliyopangwa kama mabati ya paa, yote yakielekea nchani, kwa hiyo ukishuka nao unateleza na ukirudi juu unahisi ukinzani mdogo, kama kupapasa ngozi ya samaki kinyume. Rasta haina magamba: huteleza au hukwaruza sawasawa pande zote mbili, na ukiisugua karibu na sikio hutoa mlio mwembamba wa plastiki.

Kipimo hicho kina mtego. Nywele nyingi za binadamu zinazouzwa kwa bei nafuu zimekusanywa ovyo, mizizi na ncha zikiwa zimechanganyika, na ili zisijifunge hutiwa asidi kiwandani ili kuyaondoa magamba, kisha hupakwa silikoni zing'ae. Nywele ya namna hiyo huteleza pande zote kama hariri, na mnunuzi hudhani amepata kilicho bora kuliko vyote. Utelezi uliozidi ndio unaopaswa kukutia shaka.

Kipimo cha pili ni moto. Toka nje, chukua nyuzi tano au sita tu, zibane kwa kibanio cha chuma juu ya sahani ya bati, na uziwashe kwa kiberiti mbali na pakiti. Nywele ya binadamu hushika moto, hujikunja, hunuka kama manyoya ya kuku yanayobabuliwa, na huacha jivu linalosagika ukiligusa. Rasta ya kanekaloni, ambayo ndiyo ya kawaida kwetu, hukimbia moto kwa kusinyaa, huyeyuka, na ukiuondoa moto huelekea kuzimika yenyewe. Inachoacha ni kidonge cheusi kigumu. Kanekaloni ni nyuzi iliyotengenezwa Japani tangu miaka ya 1950 kwa kuunganisha akrilonitrili na vinili kloridi, na hiyo vinili kloridi ndiyo inayoizuia kuwaka ovyo. Ukiona nyuzi inaendelea kuwaka baada ya kuondoa kiberiti, tena inadondosha matone, ujue hiyo ni plastiki ya aina nyingine, na mimi huirudisha dukani. Ukipata jivu na vidonge kwa pamoja, umeuziwa mchanganyiko. Usiguse kidonge kabla hakijapoa, kwani hung'ang'ania ngozi.

Kifungu cha yule dada kilikuwa cha binadamu kweli. Kiliungua chote kikawa jivu. Lakini kiliteleza pande zote mbili.

Pili: loweka, osha, kisha angalia kinachobadilika

Rasta hutoka kiwandani ikiwa na mabaki ya kemikali zilizotumika kuitengeneza na kuilainisha, na mabaki hayo ndiyo yanayotajwa sana kuwa chanzo cha mwasho. Wasusi wengi huziloweka kwenye siki, na mimi hufanya hivyo hivyo. Weka kwenye beseni kikombe kimoja cha siki nyeupe au ya tufaha kwa vikombe vinne vya maji ya uvuguvugu, na ongeza kwa kipimo hicho hicho hadi rasta zizame. Usifungue raba inayoshikilia pisi, usisugue, zibonyeze tu kwa kiganja. Ziache dakika 30. Mara nyingi utaona utando mweupeupe ukielea juu ya maji au ukishika pembeni ya beseni. Hata usipouona, endelea. Suuza mara mbili kwa maji safi, kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, na uzianike kivulini kwenye kamba hadi zikauke kabisa, kwa sababu rasta mbichi ikisukwa hubaki na unyevu katikati ya msuko na baada ya siku chache hutoa harufu ya uvundo.

Siki haisafishi kila kitu. Shirika la Marekani la Consumer Reports lilipopima aina 10 za rasta na kutoa matokeo mwaka 2025, lilikuta risasi, ile metali, katika aina 9, na hiyo si kitu cha kuondolewa kwa siki na beseni. Siki huondoa kile kilichokaa juu ya nyuzi, na kwa watu wengi hicho ndicho kinachowasha.

Nywele za binadamu hazihitaji siki kwa sababu hiyo, bali zinahitaji kuoshwa ili silikoni iondoke kabla hujalipa gharama ya kuzisukia. Kata kishungi kidogo, unene wa penseli, kifunge kwa uzi upande mmoja, kioshe kwa shampuu mara tatu, kila mara ukikiacha kikauke bila mafuta, kisha kichane kwa vidole. Nywele yenye magamba yaliyopangwa vizuri hupungua mng'ao kidogo lakini hubaki ikichanika. Iliyopakwa silikoni huanza kushikana kuanzia nchani kwenda juu, na kwenye osho la tatu huwa kama pamba iliyolowa. Maji ya visima vya hapa kwetu, ambayo wengi tunayaita maji ya chumvi, hayaelewani na sabuni na huacha unga unaozifanya nywele zikwaruze, kwa hiyo kwenye suuzo la mwisho tia kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji, ili usije ukalaumu nywele kwa kosa la maji.

Wakati wa kuosha kishungi cha yule dada nililiona jambo ambalo sikulitarajia: maji ya kwanza na ya pili yalitoka meusi. Nywele zilikuwa zimetiwa rangi. Nilimuuliza kama amewahi kudhurika na piko, akaniambia kwamba harusini kwa mdogo wake mikono ilimtoka malengelenge, akapelekwa hospitali.

Swali hilo la piko mulize kila mtu anayetaka nywele nyeusi za binadamu. Piko nyeusi kwa kawaida hupata weusi wake kutokana na kemikali inayotumika pia katika rangi nyeusi za nywele, na mwili ukishaichukia mara moja, huikumbuka kila inapougusa. Rangi iliyokauka vizuri ndani ya nywele haileti shida sana, lakini rangi ambayo bado inachuja kwenye maji itachuja pia kwenye jasho. Basi ile imani kwamba nywele ya binadamu ni salama kwa ngozi kwa sababu ni ya binadamu inaishia hapo: ngozi haisumbuliwi na unywele wenyewe, inasumbuliwa na kilichopakwa juu yake, na kilichopakwa kinaweza kuwa kwenye rasta, kwenye nywele za binadamu, au kwenye vyote viwili.

Tatu: misuko mitatu kisogoni

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine. Suka misuko mitatu myembamba chini ya kisogo, mahali ambapo nywele za juu zitaifunika: wa kushoto kwa rasta isiyoloweshwa, wa kulia kwa rasta iliyoloweshwa na kukauka, na wa katikati kwa nywele za binadamu. Suka kwa kulegeza, ili mkazo usije ukajifanya mwasho. Mteja arudi nyumbani, asipake mafuta mapya wala asioshe kichwa, na arudi baada ya siku mbili au tatu. Usifupishe muda huo. Mzio hauji palepale kama kuungua. Mara nyingi huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza. Mtu ambaye amewahi kuvimba uso au macho kwa rangi ya nywele au kwa piko asijaribiwe kabisa kwa nywele inayochuja rangi, hata kwa msuko mmoja.

Kwa sababu hiyo, kwa yule dada niliuacha msuko wa katikati na kumsuka miwili tu. Alirudi siku ya tatu. Upande wa kushoto palikuwa na wekundu na alama za kucha, si kwenye mstari tu bali hadi shingoni ambapo ncha za rasta zilikuwa zikigusa. Upande wa kulia palikuwa shwari. Kifungu cha nywele nyeusi alikirudisha, akapata kingine cha rangi ya kahawia ya asili, ambacho maji yake yalitoka safi na ambacho baada ya maosho matatu kilikuwa bado kinachanika. Kwa hicho tulifanya kipimo kingine cha siku mbili, hakikumsumbua.

Ni vizuri hapa kutofautisha mwasho na mambo mengine yanayofanana nao, maana wateja huyaita yote jina moja. Kichwa kinachouma usiku ule ule, ngozi ikivutika na vijipele vyeupe vikitokea kwenye mzizi wa kila msuko, hiyo ni kazi ya mkono wa msusi: amebana mno, na hakuna siki itakayokusaidia, fumua misuko ya mbele mapema, kabla nywele za pembeni hazijaanza kung'oka. Mwasho unaoanza siku ya kwanza au ya pili na kufuata kila mahali nyuzi zinapogusa, pamoja na shingo na mgongo, hutokana na nyuzi. Mwasho unaokuja baada ya wiki mbili au tatu, wenye mba na jasho, ni uchafu, nao huisha kwa kuosha. Ngozi ikitoa majimaji, ikivimba, au macho yakianza kujaa, fumua siku hiyo hiyo na uende kituo cha afya.

Nne: joto

Rasta na nywele za binadamu huachana kabisa linapokuja suala la joto. Rasta ni plastiki inayolainika kwa joto na kushika umbo jipya inapopoa. Ndiyo maana tunaichovya kwenye maji ya moto tunapomaliza kusuka. Dodoma ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka yakiwa karibu nyuzi 96, si 100, na hayo yanatosha kabisa. Mfunike mteja taulo nene mgongoni na mabegani, kusanya misuko, ichovye ncha na sehemu ya kati kwa sekunde 10 hadi 15, itoe, na uikamue palepale kwa taulo kavu. Usimwagie maji kutoka kwenye jagi hata siku moja. Usipandishe beseni karibu na ngozi ya kichwa; acha angalau kiganja kimoja.

Kuna wasusi ambao bado wanaziba ncha kwa kiberiti. Ncha iliyochomwa huacha kile kidonge kigumu tulichokiona kwenye kipimo cha moto, na kidonge hicho hukwaruza shingo na mgongo usiku kucha. Nimeshakutana na wateja waliosema rasta inawawasha, nikapitisha kidole kwenye ncha, nikakuta ni miiba tu. Nilikata sentimita mbili, nikachovya kwenye maji ya moto, na mwasho ukaisha.

Pasi ya nywele haina mahali kwenye rasta ya kawaida: nyuzi hung'ang'ania bati lake na kukatika. Zipo rasta zinazouzwa kuwa zinastahimili joto, na hizo zifuate kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti, baada ya kujaribu uzi mmoja kwanza. Nywele za binadamu huvumilia pasi kama zile za kichwani. Anza na joto la nyuzi 150, usivuke 180, na zisiwe na unyevu hata kidogo. Lakini maji ya moto hayazishikishi umbo, kwa hiyo msuko uliosukwa kwa nywele za binadamu tupu hauwezi kuzibwa ncha, na kwa kuwa zinateleza, hufumuka kuanzia chini ndani ya siku chache usipofungwa kwa vijiraba.

Mpikaji wa jiko la mkaa mwenye rasta za kiunoni azifunge juu anapopuliza moto. Cheche moja hukunja ncha kumi kwa pamoja.

Tano: kujifunga, na kwa nini tunachanganya

Ndani ya msuko, rasta haina nafasi ya kujifunga. Tatizo huanza pale inapoachwa huru. Katika ukavu wa kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi na moja, nyuzi za plastiki zikisuguana na kola ya koti au kiti cha basi hupata umeme wa msuguano, huvutana, na kwa kuwa hazinywi maji huwezi kuzituliza kwa unyevu kwa muda mrefu. Rasta za mawimbi zilizoachwa zikining'inia huwa fundo kisogoni ndani ya wiki moja. Nywele za binadamu hunywa maji, kwa hiyo hutulia ukizinyunyizia, na yakipatikana magamba yaliyopangwa vizuri hudumu wiki nne hata zaidi.

Ndiyo maana jibu langu kwa yule dada halikuwa rasta wala nywele za binadamu. Misuko yenyewe tuliisuka kwa rasta iliyoloweshwa, kwa sababu inashika, ni nyepesi na inaziba ncha. Vipande vinavyoning'inia tukavitoa kwenye zile gramu 100 za kahawia. Kabla ya kusuka nilizichambua rasta, yaani nilizivuta nyuzi ili ncha zipishane na msuko umalizike kwa kuchongoka badala ya kukatika ghafla. Nywele za binadamu niliziingiza sentimita nane hivi chini ya mzizi, zikabanwa na mizunguko miwili ya rasta ndipo nikaziachia mkia. Sikuingiza hata moja kwenye mstari wa mbele, ambako nywele za mtu ni dhaifu na uzito wa mkia ungezivuta. Uchovyaji wa maji ya moto niliufanya kwa misuko peke yake, nikiwa nimeifunga mikia ya mawimbi pembeni, maana maji hayo yangeyalegeza mawimbi bila faida yoyote.

Nyumbani alikuwa na kazi moja tu. Kila baada ya siku mbili anyunyizie mikia maji yaliyochanganywa na kondishena kidogo, kijiko kimoja kwa kikombe kimoja cha maji, kisha aichambue kwa vidole kuanzia nchani kupanda juu. Kitana kisiguse. Usiku alale na kilemba cha satini, na kwenye basi la Mtumba azitangulize mbele ya bega badala ya kuziegemea. Fundo lisilofunguka alikate, asilivute, kwa sababu atakachokivuta ni msuko mzima pamoja na mzizi wake.

Alikaa nazo wiki sita. Alipata mafundo mawili, yote kisogoni chini ya kola, na kichwa hakikumuwasha hadi wiki ya tano, ambapo alikuwa hajakiosha tangu wiki ya pili. Tulipofumua, nywele za binadamu zilibaki karibu zote. Nilizifunga, nikaziosha, akaondoka nazo kwenye mfuko wa kitambaa kwa ajili ya mara nyingine. Rasta hazirudiwi, kwa kuwa zimeshashika umbo la msuko na ncha zimekatika. Nilizitia kwenye takataka za kuzolewa. Msizichome uani pamoja na majani: kwa ile vinili kloridi iliyomo, moshi wake unakaba na una sumu, na watoto wa nyumba ya pili ndio huuvuta.